Taa Nyekundu Mkono wa Kulia: Ndani ya Mtihani wa Mdomo wa Ofisa wa Meli

Mtu anayeomba kukabidhiwa meli usiku wa manane, nahodha akiwa amelala, hapimwi kwa karatasi peke yake. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1978 kuhusu mafunzo na vyeti vya mabaharia unamtaka awe amekaa baharini si chini ya miezi 12 katika mafunzo yaliyoidhinishwa, awe na daftari la kazi alizofanya na awe amefaulu masomo ya darasani. Baada ya hapo, katika nchi nyingi, hasa zilizorithi desturi za Waingereza za baharini, anaingizwa kwenye chumba chenye meza moja na viti viwili. Kiti cha pili amekikalia nahodha wa siku nyingi.

Maswali hugusa mengi: shehena, maboti ya kuokolea, moto, nanga. Ila moyo wa mtihani ni Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini, zilizopitishwa mwaka 1972 na kuanza kutumika mwaka 1977. Mtu anaweza kuyumba kwenye shehena akasamehewa, lakini akigongesha meli juu ya meza huwa vigumu sana kumpitisha. Meza yenyewe ina vijimeli vya mbao, kadi za taa na pengine kidira cha karatasi. Mtahini husogeza vijimeli hivyo kwa kidole na kuuliza, “Sasa?”

Mazungumzo yanayofuata nimeyatunga kuonyesha jinsi maswali yanavyopanda. Tuseme chumba kiko Dar es Salaam na mtahiniwa ni binti anayeomba cheti chake cha kwanza cha ofisa wa zamu.

“Shikamoo, Kapteni.”

“Marahaba, binti. Keti. Ni usiku, anga safi, uko kwenye zamu ya meli ya mizigo inayoelekea kaskazini. Mkono wako wa kulia, mbele kidogo, unaona taa mbili nyeupe, moja juu kuliko nyingine, na chini yake taa nyekundu. Ni nini hiyo?”

“Ni meli inayoendeshwa kwa mashine na iko safarini. Ninaona ubavu wake wa kushoto. Urefu wake ni mita 50 au zaidi.”

“Una hakika na urefu?”

“Hapana, Kapteni. Meli ya mita 50 na zaidi inalazimika kuwa na taa mbili za mlingotini. Iliyo fupi kuliko hapo hailazimiki, lakini inaruhusiwa.”

“Na inaelekea wapi?”

“Taa nyeupe ya chini ndiyo ya mbele. Iko kushoto kwa ile ya juu, kwa hiyo inakwenda kushoto. Itakata njia yangu.”

Swali la kwanza ni la kukariri, na kila aliyefika hapo analijua. Wengi hawatambui kwamba lile neno “hakika” lilikuwa tayari ni ngazi ya pili. Kila taa ya meli huonekana katika sehemu maalumu ya duara: ya mlingotini nyuzi 225, za ubavuni nyuzi 112.5 kila upande, ya tezi nyuzi 135. Mwanafunzi hukariri tarakimu hizo. Mtahini anataka kusikia kama anajua taa inamwambia nini na wapi inakoma kumwambia. Aliyeng’ang’ania mita 50 bila kusita ameshaonyesha namna atakavyoisoma bahari.

“Haya. Kuna hatari ya kugongana?”

“Nitaipima kwa dira. Nitachukua mwelekeo wake sasa, na dakika chache baadaye nitauchukua tena. Usipobadilika, na meli inakaribia, hatari ipo.”

“Umepima. Nyuzi 060. Baada ya dakika tatu, 060.”

“Hatari ipo. Iko upande wangu wa kulia, kwa hiyo mimi ndiye wa kupisha.”

“Na kama ingesoma 060, kisha 062?”

“Bado ningeihesabu kuwa ni hatari. Meli kubwa ikiwa karibu, au chombo kinachovuta kingine, mwelekeo unaweza kubadilika na bado tukagongana.”

“Unapishaje?”

“Ninakwenda kulia, mapema, kwa mgeuko mkubwa. Ninapiga honi mlio mmoja mfupi. Ninapita nyuma yake.”

“Mkubwa kiasi gani?”

“Mpaka omo ya meli yangu ivuke tezi yake. Yeye alikuwa akiiona taa yangu ya kijani. Ataiona nyekundu, ajue nimegeuka.”

Jibu hilo limekaa vizuri kwa sababu limeanzia kwenye macho ya mtu wa meli ya pili. Anayejibu “nyuzi kumi” huulizwa huyo mwenzako atajuaje kwamba umegeuka. Usiku mgeuko wa nyuzi kumi hauonekani: taa ni zilezile, rangi ni ileile. Kanuni ya 8 inataka migeuko midogo midogo inayofuatana iepukwe, na mtahini mwenye subira atamwacha mtahiniwa ageuke nyuzi tano, kisha tano, kisha tano, mpaka vijimeli viwili viguse.

Hadi hapo binti amejibu kuhusu bahari ambamo kila mtu anatii sheria. Mtahini sasa anachukua kijimeli cha kulia na kukiweka kushoto.

“Meli sasa iko kushoto kwako. Unaona taa ya kijani. Mwelekeo haubadiliki.”

“Yeye ndiye wa kupisha. Mimi nashika njia yangu na kasi yangu.”

“Hapishi.”

“Naendelea kumwangalia.”

“Hapishi, binti.”

“Napiga honi milio mitano mifupi ya haraka, kumwambia sielewi nia yake au sioni kama anachukua hatua za kutosha. Usiku naweza kuongeza kumulika taa mara tano.”

“Kimya. Anakuja vilevile.”

“Ningemwita kwa redio.”

“Kuna meli nne mbele yako. Umeita. Sauti imejibu: nimekuona, pita tu. Ni nani huyo?”

Binti ananyamaza. Mtego huu ni wa zamani na bado unanasa watu kila mwaka. Redio inavutia kwa sababu inampa mtu cha kufanya, na siku hizi skrini huonyesha majina ya meli, hivyo mtu hudhani anajua anazungumza na nani. Lakini sauti haina taa wala mwelekeo. Aliyejibu anaweza kuwa meli nyingine kabisa, au ndiye ila lugha imempiga chenga. Hata mkielewana, mnaweza kupatana jambo lililo kinyume cha kanuni, huku dakika zilizohitajika kugeuka zikiishia kwenye maneno. Mtahini hatamwangusha mtu kwa kutaja redio. Atamwangusha akiiweka mahali pa usukani.

“Siwezi kuwa na hakika ni nani, Kapteni. Siisubiri redio. Kanuni ya 17 inaniruhusu kuchukua hatua mwenyewe inapodhihirika kuwa anayepaswa kupisha hapishi.”

“Inadhihirika lini? Kwa maili ngapi?”

“Kanuni haitaji maili.”

“Mimi ndiye ninayekuuliza.”

“Inategemea ukubwa wa meli yangu na muda inaochukua kuitikia usukani. Lazima nianze nikiwa bado na nafasi ya kugeuka na kumwepuka mimi peke yangu. Nikingoja hadi hatua ya mmoja wetu isitoshe kutuokoa, nimechelewa.”

“Vizuri. Basi geuka.”

“Ninakwenda kushoto, nipite nyuma ya…”

Mtahini hasemi kitu. Anaweka kidole kwenye kijimeli cha pili na kukizungusha taratibu kuelekea kulia kwake. Binti anavitazama vijimeli vikielekeana.

“Hapana. Kulia, Kapteni. Siendi kushoto.”

“Kwa nini umebadilisha?”

“Kwa sababu anaweza kuzinduka wakati huohuo. Akizinduka atafanya alichopaswa kufanya tangu mwanzo, yaani kwenda kulia kupita nyuma yangu. Nikiwa nimekwenda kushoto, tutakuwa tumegeukiana.”

Akili ya mtu wa kawaida humtuma kushoto, maana ndiko nyuma ya ile meli kuliko wazi. Ndiyo maana Kanuni ya 17 inamwambia mwenye kushika njia kwamba, hali ikiruhusu, asigeuke kushoto kwa ajili ya chombo kilicho kushoto kwake. Angalia pia mtahini alivyofanya. Hakusema “umekosea.” Alimwonyesha matokeo, akangoja. Mtahini akinyamaza hamaanishi kila mara kwamba umekosea. Wengine hunyamaza baada ya jibu sahihi ili waone kama utalitetea au utalikimbia. Jibu lililobadilishwa bila sababu huhesabika vibaya kuliko kosa lililosahihishwa kwa sababu. Ndiyo maana akauliza “kwa nini,” na lau jibu lingekuwa “nimekumbuka kitabuni,” maswali mengine manne yangefuata.

Kisha mtahini anahamisha mchezo hadi lango la bandari, na hapa tutapita haraka.

“Mchana. Unatoka bandarini Dar es Salaam, uko ndani ya njia nyembamba kati ya maboya. Ngalawa yenye tanga inakatisha mbele yako. Nani apishe?”

“Chombo cha mashine humpisha mwenye tanga. Lakini hapa niko katika njia nyembamba ambayo siwezi kutoka bila kupanda mwamba. Kanuni ya 9 inamtaka mwenye tanga asinizuie.”

“Kwa hiyo unapita.”

“Sipiti tu. Kuambiwa asinizuie hakunifutii mimi wajibu wa kuepuka kumgonga. Napunguza kasi, napiga milio mitano.”

“Ukitazama vizuri, tanga limetandazwa, lakini nyuma kuna mashine inanguruma.”

“Basi si chombo cha tanga tena. Ni chombo cha mashine.”

Pwani yetu imejaa vyombo vya namna hiyo, na kanuni zinavitaka mchana vioneshe alama ya pia nyeusi iliyoelekezwa ncha chini. Anayefanya kazi hapa hataisubiri pia hiyo. Atatafuta povu la mashine. Mtahini anayeijua pwani hufurahi akilisikia jibu hilo.

Ngazi ya juu inaanza kwa mvua.

“Umetoka nje, umeshika njia yako, ni mwezi wa nne. Mvua ya masika inashuka, omo huioni. Nini kinabadilika?”

“Mvua kubwa inahesabiwa kama ukungu. Napunguza kasi iwe salama kwa hali hiyo. Nawasha taa za safari hata kama ni mchana. Napiga honi mlio mmoja mrefu kila baada ya muda usiozidi dakika mbili. Naongeza mtu wa kuangalia mbele.”

“Rada inaonyesha chombo nyuzi 30 kushoto kwa omo yako, maili nne. Mwelekeo haubadiliki.”

“Yuko kushoto, kwa hiyo mimi nashika…”

Binti anajikata mwenyewe.

“Samahani. Hatuonani. Kwenye mvua hakuna anayeshika njia. Kila mmoja anatakiwa kuchukua hatua.”

Amejiokoa mlangoni. Habari ya nani ampishe nani, tuliyoisikia muda wote huu, ni ya vyombo vinavyoonana kwa macho. Rada si macho. Vyombo visipoonana, sheria ile yote inawekwa kando na kushika nafasi yake Kanuni ya 19, ambayo haimpi mtu haki ya kwenda mbele. Mtahini amepanga hivi makusudi: kwanza amemjaza mtahiniwa habari ya kushoto na kulia mpaka imekuwa mazoea, kisha akabadilisha hali ya hewa bila kuonya. Swali linafanana na lile la taa ya kijani. Tofauti yake ni moja tu, na ndiyo inayopimwa.

“Hatua gani?”

“Yuko mbele ya ubavu wangu, na simpiti. Niepuke kwenda kushoto. Nakwenda kulia.”

Mtahini anachukua kijimeli cha tatu na kukiweka mkono wa kulia wa meli ya binti, sawa na ubavu.

“Rada inaonyesha na huyu. Maili moja, anakwenda sambamba nawe.”

“Basi siwezi kwenda kulia. Kanuni inanitaka niepuke kugeuka kumwelekea chombo kilicho ubavuni.”

“Kushoto?”

“Nako hapana.”

“Kwa hiyo?”

Ukimya unarefuka. Kwa muda wote huu binti amekuwa akijibu kwa usukani, na mtahini ameuziba usukani pande zote mbili. Wengi hukwama hapa. Hawajasahau kanuni. Mkono wao wa mawazo umezoea gurudumu tu, wakati meli ina kitu kingine cha kuchezea.

“Kasi. Napunguza kasi. Ikibidi nasimamisha kabisa. Wa kulia atanitangulia, wa kushoto atapita mbele yangu.”

“Mashine zitaitikia?”

“Zinapaswa kuwa tayari. Ningekuwa nimewaarifu watu wa mashine mvua ilipoanza.”

“Uliwaarifu? Sikukusikia.”

“Sikusema, Kapteni.”

“Na mimi niko wapi? Nahodha wako?”

“Umelala. Nilipaswa kukuita mvua ilipoanza, kabla ya hao wawili kutokea.”

Ofisa wa zamu hatarajiwi kulimudu peke yake jambo la vyombo vitatu ndani ya mvua. Maagizo ya kudumu ya manahodha wengi yanataja wazi kwamba mwono ukipungua, waitwe. Watahiniwa huona kumwita nahodha ni kukiri kushindwa, hasa wakiwa wamekaa mbele ya nahodha, na kwa hiyo hulificha jibu lililo rahisi kuliko yote. Upo pia upande wa pili: anayejibu “namwita nahodha” kwa kila swali ataambiwa kwamba nahodha anavaa viatu, atafika baada ya dakika mbili, na sasa wewe unafanya nini? Kumwita ni wajibu. Hakusimamishi meli.

“Nimeshaamka, nakuja. Umesimamisha mashine, meli imekufa maji. Honi yako?”

“Miwili mirefu, badala ya mmoja. Muda ni uleule, usiozidi dakika mbili.”

“Mvua inafunguka ghafla. Yule wa kushoto unamwona kwa macho, nusu maili, taa ya kijani, anakuja. Sasa nani apishe?”

Ngazi ya mwisho ni hiyo. Alipokuwa ndani ya mvua, binti aliwekwa chini ya kanuni moja. Mvua ilipofunguka, amerudishwa chini ya nyingine, katikati ya tukio, nafasi ikiwa imebaki ndogo. Hakuna kitabu kinachomwandikia jibu la nusu maili. Anayetaka kujua kama mtu ameelewa atamsikiliza anavyofika kwenye jibu, kwa sababu watahini wawili waliobobea wanaweza wasikubaliane juu ya hatua yenyewe.

“Sasa tunaonana, kwa hiyo ni vyombo viwili vinavyokatana. Mimi nimesimama lakini sikutia nanga wala sikufunga gati, bado nahesabiwa niko safarini. Yuko kushoto kwangu, yeye apishe.”

“Na wewe unashika kasi gani?”

“Niliyo nayo. Sifuri. Siwashi mashine kwenda mbele, maana nitarudi kwenye njia yake. Nikibaki hapa atapita mbele yangu, kama alivyokuwa akielekea kupita. Namwangalia kwa dira. Napiga milio mitano kama mwelekeo hausogei.”

“Hausogei.”

“Narudi nyuma kwa mashine, na napiga milio mitatu mifupi, kwa kuwa sasa tunaonana.”

“Kwa nini usigeuke kulia?”

“Meli iliyosimama haisikii usukani, Kapteni. Na sijui yule wa kulia amefika wapi. Sijamtazama tangu mvua ilipofunguka.”

Mtahini anaandika kitu. Kisha anakusanya vijimeli vyake na kuuliza mashua ya kuokolea ina maji ya kunywa kiasi gani kwa kila mtu. Mtahiniwa asiyejua utaratibu huu hudhani ameshuka kwa sababu ameanguka. Kumbe mtahini akishafika alikotaka kufika, hana sababu ya kubaki hapo, na maswali mepesi ya mwisho ni ya kumalizia fomu.